Hati Aliyoichana Bi Jalada

Kitanda kilikuwemo ndani ya chumba kile, ila mgeni angehitaji kuambiwa. Makaratasi yalikuwa yamekilalia kutoka mchagoni hadi miguuni, mengine kwenye maboksi ya majokofu, mengine kwenye mifuko ya plastiki iliyopigwa fundo, na mengine yamerundikwa tu hivi hivi, yakingoja mtu apige chafya. Mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Friji, alisimama mlangoni na bisibisi mkononi akieleza kwamba yote yale yalikuwa muhimu.

Aliyekuwa akielezwa hakuwa mtu wa kuelezwa. Mama huyu alikuwa ameingia masjala ya kiwanda cha sabuni akiwa msichana, akatoka siku ya kustaafu akiwa na miwani ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kusomea. Huko ndiko alikopachikwa jina la Bi Jalada. Kazi yake ilikuwa kujua karatasi ipi ikae, ikae muda gani, na siku gani iage dunia. Wakaguzi wakitokea bila taarifa, meneja alikuwa akimtafuta Bi Jalada kabla hajatafuta tai yake.

Sasa alikuwa amechumbiwa. Ndiyo, kwa umri ule, na asiyependa ashike ukuta. Fundi Friji alikuja kumtengenezea jokofu lake, akalimaliza asubuhi, akaondoka jioni kwa sababu ya mazungumzo. Alikuwa mtu wa maneno mengi, wa kuanzia kwenye gesi ya jokofu na kuishia kwenye harusi ya shangazi yake, na kila alipopita mtaa ule baada ya hapo jokofu la Bi Jalada lilihitaji kuangaliwa tena. Alipomposa, Bi Jalada alimpa sharti moja tu: chumba kile kisafishwe kwanza. Hakuwa tayari kulala maisha yake yaliyobaki ubavuni mwa risiti.

Walianza na mepesi. Kadi za dhamana za majokofu yaliyokwisha kuwa chuma chakavu zilikwenda bila kilio. Bili za maji na umeme za miaka iliyopita, zilizolipwa na zisizo na ugomvi, nazo zikaenda. Vijikaratasi vya mashine ya benki viliondoka mara tu Bi Jalada alipohakikisha kwamba taarifa za benki zenyewe zipo. Fundi alikuwa akikiaga kila kimoja kwa hadithi yake, huyu alikuwa mteja mkorofi, huyu alilipa kwa mafungu, huyu jokofu lake lilikutwa na kiatu, na Bi Jalada akawa anasikiliza huku mikono inafanya kazi. Hakumkatiza. Ukweli ni kwamba alikuwa anaona raha.

Mvutano ulianza kwenye karatasi za biashara. Fundi aliposikia kwamba sheria ya kodi iliyowahusu ilitaka kumbukumbu zikae miaka saba, alipata moto. Akaanza kuangalia tarehe juu ya kila karatasi na kuitupa kila iliyozidi, kwa kasi ya mtu anayecheza karata. Bi Jalada aliangalia karatasi tatu zinaruka, akainuka na kuufuata mfuko wa taka.

Alichotoa mle kilikuwa mkataba wa kijana aliyewahi kumsaidia Fundi karakanani. Ulikuwa umesainiwa miaka tisa nyuma.

"Huyu kijana aliacha kazi lini?" aliuliza.

"Mwaka juzi. Alikwenda kufungua yake."

"Basi muda wake umeanza kuhesabiwa mwaka juzi. Karatasi haizeeki toka siku iliyoandikwa, Fundi. Inazeeka toka siku jambo lake lilipokwisha."

Akamwonyesha. Risiti ya mtungi na pampu ya gesi, ambayo Fundi bado alikuwa anaitumia kila siku, isingetupwa mpaka pampu yenyewe iuzwe au ife, na baada ya hapo miaka iendelee kuhesabiwa. Hesabu za mwaka mmoja mahususi zilikuwa zimepita muda wake wote, lakini mamlaka ya kodi ilikuwa imeuliza swali juu ya mwaka ule na swali halijajibiwa. Hizo zisiguswe hata zikiota kuvu. Stakabadhi za mkopo wa nyumba zingeweza kuondoka kwa kuwa mkopo ulikwisha kitambo, ila barua ya benki ya kukiri kwamba mkopo umekwisha ilikaa pamoja na hati ya nyumba, na hati ya nyumba haitoki. Kila kilichokuwa na jina la mtu na namba ya akaunti kilitengwa kichanwe vipande vidogo, maana taka husomwa na wengi.

Mwishoni lilibaki jalada moja jekundu ambalo Bi Jalada alilinunua kwa fedha yake. Juu yake aliandika kwa herufi kubwa: DAIMA. Ndani yake alitia cheti cha kuzaliwa cha Fundi, cha binti yake, hati ya nyumba, usajili wa biashara. Kisha Fundi akaenda chumba cha pili alikokuwa akilala na kurudi na bahasha aliyoishika kwa mikono miwili. Ilikuwa na cheti cha ndoa yake ya kwanza na cheti cha kifo cha mkewe. Bi Jalada alivipokea, akavitia ndani ya mfuko wake wa plastiki ngumu, na kumwambia kwa upole kwamba vile havina muda. Karatasi zinazosema mtu ni nani, kazaliwa na nani, kafunga ndoa na nani na ndoa hiyo ilikwishaje, hizo zinakaa kuliko mwenyewe.

"Hiki cha kifo Msajili wa Ndoa anakitaka," Fundi akasema akijikohoza. "Na wewe ulete hati yako ya talaka. Ameandika pale kwenye masharti. Halisi, au nakala iliyothibitishwa na mahakama. Tuiweke humu humu mapema, tusije tukahangaika."

Bi Jalada alijishughulisha na kifuniko cha kalamu.

"Ipo nyumbani," alisema.

Haikuwepo nyumbani. Haikuwepo popote pale, na hakuna aliyejua hivyo vizuri zaidi kuliko yeye, kwa sababu ni yeye aliyeiua.

Nyumbani kwake Bi Jalada aliishi kwa kanuni za ofisini. Wengine hutoka kazini na kalamu za kampuni, yeye alitoka na ratiba ya kuhifadhi nyaraka. Ilibandikwa ndani ya mlango wa kabati, na kila mwanzo wa mwaka alifungua maboksi yake, akasoma tarehe za kufungwa majalada na kutoa yaliyotimiza muda. Ndugu zake walimcheka mpaka wakachoka. Ndoa yake ilipovunjwa mahakamani, alifanya kama alivyofanya kwa kila kitu. Alifungua jalada, akatia karatasi zote ndani, akaandika juu yake neno "Limefungwa" na mwaka, kisha mstari wa chini, "Teketeza baada ya miaka saba." Miaka saba ilipotimia alilibeba hadi kiwandani chini ya kwapa, akalilisha mashine ya kuchana karatasi jioni moja pamoja na ankara za mafuta ya mawese.

Angekuwa mtu mwingine tungesema hakujua. Yeye alikuwa anafundisha makarani wapya kwamba hati ya talaka ni ya daima, na alikuwa akiisema bila kuangalia karatasi. Siku ile aliliweka jalada lile kwenye kundi la barua za kawaida, kwa mkono wake, kwa makusudi, kwa sababu hakutaka kulala nyumba moja nalo. Akaiita hiyo kanuni. Mashine ilipomaliza kutafuna alijiona mwepesi kwa muda wa kama juma moja.

Alimweleza mdogo wake, ambaye alikuja jioni ya siku ile ya kusafisha chumba kupima kitambaa cha gauni la harusi. Mdogo wake alikuwa mshonaji, mtu wa kukata mambo kwa mkasi mmoja. Alisikiliza akiwa na pini mdomoni, akazitoa, akasema dawa ilikuwa rahisi. Kwenye fomu ya Msajili kulikuwa na sehemu ya kuandika hali ya ndoa. Dada aandike kwamba hajawahi kuolewa. Hana mtoto, yule bwana alihamia mbali na hajasikika, na nani atakayekwenda kufukua mambo ya zamani kwa ajili ya bibi harusi mwenye mvi?

Bi Jalada hakukasirika. Alimwambia tu kwamba fomu ile inasainiwa kwa kiapo, na ndoa inayoanza kwa kiapo cha uongo mtu yeyote anaweza kuja kuivunja, hata baada ya mmoja wao kufa, pale mwenzake anapohitaji zaidi kuitwa mjane. Aliona mambo hayo kiwandani. Wanawake wawili walikuja kudai mafao ya dereva mmoja, kila mmoja akilia, na aliyeondoka mikono mitupu alikuwa yule aliyempenda zaidi lakini karatasi zake zina doa.

"Basi mwambie Fundi," mdogo wake akasema.

Hapo ndipo palipomuuma. Siku nzima alikuwa amesimama juu ya kichwa cha mtu wa watu, akimfundisha daima na si daima, akimnyang'anya mkataba kutoka kwenye taka kama mwalimu. Aende sasa akamwambie nini? Na lilikuwapo jambo la pili ambalo hata mdogo wake hakulijua, na hilo alilifungia rohoni asilitazame.

Alimwambia kesho yake, karakanani, huku Fundi amelala chali nyuma ya jokofu la bucha na miguu tu ndiyo inaonekana. Ilikuwa rahisi zaidi kuzungumza na miguu. Alieleza lile jalada, ile ratiba, ile mashine. Miguu ilitulia. Kisha ikaanza kutikisika, halafu jokofu nalo likatikisika, na Bi Jalada akatambua kwamba mchumba wake alikuwa anacheka mpaka machozi. Alitoka mle na vumbi usoni, akajaribu kujikaza, akashindwa. Akasema kwamba yeye asiyejua hata kupanga risiti alikuwa na karatasi ya kila kitu, hata ya kiatu kile kilichokutwa kwenye friji, na profesa wake hana hata moja aliyotakiwa kuwa nayo.

Akifuta macho akauliza mahakama ilikuwa ipi. Kama hati ilitoka kwao, basi na wao walibaki na yao. Kesho angefunga karakana waende pamoja.

Hakutaka waende pamoja, lakini hakupata sababu ya kuitoa.

Masjala ya mahakama ilikuwa chini, mwisho wa ukumbi mrefu wenye mabenchi ya mbao, na dirisha lake lilikuwa na wavu wa chuma wenye tundu lililokaa kimo cha kifua, ili kila mwenye shida ainame kidogo. Bi Jalada aliisikia harufu yake kabla hajafika, ile harufu ya karatasi nzee na gundi, na moyo ukamtulia. Karani alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini na kikombe cha chai kilichopoa. Alichukua maelezo: shauri la ndoa, mwaka wake, mahakama hii hii. Akapekua kompyuta, akakunja uso.

"Mama, majalada ya mashauri ya mwaka huo yameshateketezwa. Yalitimiza muda."

Neno lile Bi Jalada alikuwa amewaambia watu maisha yake yote, kwa sauti ile ile, na hakujua kamwe linavyogonga upande wa pili wa dirisha. Alishika wavu wa chuma. Akaona fomu ya Msajili, gauni lisilomalizika juu ya meza ya mdogo wake, kile kitanda kilichokwisha kufunuliwa na kutandikwa. Alisema asante, akageuka aondoke, na Fundi akabaki amesimama akimwangalia bila kuelewa.

"Mama, subiri kwanza," karani aliita. "Nimesema jalada. Sijasema hati."

Ndipo akili zikamrudi. Ungemwona angekusikitisha, jinsi alivyojipiga paji la uso. Alikuwa amefundisha jambo lile lile, ila hofu ilikuwa imemfutia ubao. Jalada la shauri ni vikorokoro vyote vya kufikia uamuzi: hati za wito, barua za kuahirisha, maelezo ya mashahidi, risiti za ada. Hayo yana muda wake na yakifika yanakwenda. Uamuzi wenyewe hauna muda. Kabla jalada halijateketezwa, hukumu na hati ya talaka hutolewa ndani yake, zikafungwa kwenye juzuu na kuandikwa kwenye rejista, kwa sababu watu wataendelea kuoana, kurithiana na kuzikana wakizitegemea.

Karani alieleza hayo taratibu, bila kujua alikuwa akimweleza nani, na Bi Jalada alimwacha aeleze mpaka mwisho. Alimwona ni karani mzuri.

Namba ya shauri hakuwa nayo. Ilichanwa pamoja na karatasi zenyewe. Karani akasema si neno, ipo faharisi ya majina. Akavuta kitabu kikubwa chenye mgongo wa kitambaa na kulowesha kidole.

"Jina la mleta maombi?"

Bi Jalada alilitaja jina la aliyekuwa mume wake. Lilikuwa halijapita mdomoni mwake miaka mingi kiasi kwamba lilitoka na kutu. Kidole cha karani kilishuka ukurasa wa kwanza, wa pili, kikarudi juu. Hakuna. Akauliza kama herufi ni hizo. Ni hizo. Akaangalia mwaka uliotangulia na mwaka uliofuata. Hakuna.

"Inapangwa kwa jina la aliyefungua shauri," karani akasema. "Kwani nani alifungua?"

Lile jambo la pili likawa limesimama dirishani, limeinama pamoja naye.

Watu wote walijua kwamba Bi Jalada aliachwa. Mdogo wake alijua hivyo, kiwanda kizima kilijua hivyo, na wale wanawake wa idara ya kufunga sabuni walimchangia sufuria mpya kwa ajili ya kumpoza. Fundi naye alijua hivyo, tena alikuwa amemwambia mara mbili tatu kwamba mwanamume yule hakuwa na macho. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amedanganywa waziwazi. Walikisia hivyo, yeye akanyamaza, na kila mwaka uliopita ukafanya kukisia kule kuwe kweli. Angeweza hata sasa kusema amesahau. Angeweza kumtuma Fundi akatafute maji ya kunywa. Alimtazama karani, akaona kidole kimesimama juu ya ukurasa, kinasubiri jina.

"Mimi," alisema. "Aliyefungua ni mimi."

Akalitaja jina lake mwenyewe. Hakugeuka kumwangalia Fundi. Kidole kilishuka nusu ukurasa tu, kikagota.

Karani alikwenda nyuma, kwenye rafu, akakaa huko kwa muda uliotosha kunywa chai ya pili. Alirudi na juzuu nzito akaifungua mahali palipowekwa kikaratasi, akaigeuza ili mwenyewe aisome wakati ada ya kuthibitisha nakala inalipwa pale dirisha la jirani. Fundi alikwenda kulipa.

Bi Jalada alivaa miwani. Siku alipopewa karatasi ile mara ya kwanza hakuisoma. Aliona mhuri, akaona jina lake na la mtu yule yametajwa pamoja, akaikunja. Miaka saba aliihifadhi bila kuisoma, akaichana bila kuisoma. Alikuwa anaamini kwamba ndani yake mliandikwa kosa lake, kwamba kuna mahali hakimu alisema mwanamke huyu alishindwa. Sasa alisoma neno kwa neno, kama anavyosoma mtu wa kazi yake. Ilikuwa fupi. Mahakama ilikuwa imeridhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka. Ilikuwa imekubali maombi ya mke. Na mstari wa mwisho kabla ya saini ulisema kwamba kuanzia tarehe ile kila mmoja wao alikuwa huru kufunga ndoa nyingine.

Kosa halikuandikwa popote. Alirudia kutoka juu, akalitafuta kwa kidole, na halikuwepo. Alikuwa amekwenda na kuteketeza, kwa utaratibu na kwa tarehe, karatasi pekee nyumbani mwake iliyosema yeye ni huru. Machozi yalimtoka palepale dirishani, na karani akajifanya anatafuta mhuri.

Alipata nakala mbili zilizothibitishwa. Walikaa kwenye benchi la ukumbini ili azitie kwenye bahasha, na Fundi akaketi pembeni yake, mikono katikati ya magoti. Alinyamaza. Watu walipita na majalada, mlango ulifunguka na kufungwa, na Fundi bado alikuwa amenyamaza. Bi Jalada hakuwahi kumwona hivyo. Alijua angemuuliza kwa nini, na aliona bora amalize mwenyewe.

"Hakunipiga," alisema. "Hakuwa mlevi, hakuwa na mwingine. Alinuna. Sijui hata kilichoanzisha ni nini. Aliacha kusema na mimi, akawa anakula, analala, anakwenda kazini. Nikimuuliza ananiangalia kama nimeuliza ukuta. Miaka mitatu, Fundi. Nikaanza kuzungumza na masufuria. Sasa ningewaambia watu nimemwacha mume kwa sababu gani? Kwa sababu kanyamaza? Wangenicheka. Nikawaacha waseme nimeachwa."

Fundi hakujibu. Aliangalia sakafu. Na hapo ndipo Bi Jalada aliposhikwa na baridi ya kweli, kuliko ile ya dirishani, kwa sababu ukimya ule aliujua. Alijua unavyoanza, unavyokaa katikati ya watu wawili kwenye benchi kama mtu wa tatu. Aliifunga bahasha vizuri, akaiweka mapajani, akaanza kujiandaa. Alikuwa huru. Imeandikwa, ina mhuri, ana nakala mbili. Kama ni kurudi nyumbani kwake peke yake angerudi, na safari hii asingemwambia mtu yeyote kwamba ameachwa.

"Samahani," Fundi akasema ghafla. "Nilikuwa natafuta la kusema, kila ninalolishika naliona dogo."

Alikohoa, akamgeukia mwili mzima.

"Ningekuwa mimi hakimu ningekupa hiyo hati siku ya kwanza, wala nisingekungojesha. Miaka mitatu? Mimi hata jokofu nalisemesha. Sasa nikuambie jambo, na usinikatize, ingawa najua wewe huwa hunikatizi na ndilo lililonileta kwako. Siku ile nilipokuja kutengeneza la kwako, waya ulikuwa umeachia tu. Dakika kumi nilikuwa nimemaliza. Nyumbani kwangu nilikuwa peke yangu, binti yangu yuko mbali, jioni nasikia saa ya ukutani, na wewe ukaniuliza kama nimekunywa chai..."

Aliendelea. Waliinuka, wakatoka ukumbini, wakashuka ngazi, wakaelekea ofisi ya Msajili ambayo ilikuwa mtaa wa pili, na maneno hayakukatika hata wakati wa kuvuka barabara. Bi Jalada alitembea upande wake wa kulia na bahasha chini ya kwapa, akisikiliza kila neno, na mahali fulani kati ya chai na harusi ya shangazi alimshika mkono.